Kaseti ya siku ya MV Bukoba

Mwaka 2016, meli ya MV Bukoba ilipotimiza miaka 20 tangu izame karibu na Mwanza, nilikuwa mhariri wa makala ya video iliyokuwa ionyeshwe siku ya kumbukumbu, tarehe 21 Mei. Mahojiano tulikuwa nayo, na ramani ya safari kutoka Bukoba kupitia Kemondo ilikuwa imeshachorwa. Kilichotusumbua ni kaseti moja ya VHS. Tuliipata kwa mzee ambaye miaka hiyo alikuwa akipiga picha za harusi mjini, na siku ya ajali akafanikiwa kupanda boti iliyokuwa ikienda kwenye meli.

Sehemu ya kwanza ya kaseti inaonyesha meli imepinduka, tumbo juu, na watu wamesimama juu ya chuma. Ndani bado kulikuwa na walio hai, nao walikuwa wakigonga. Wengi wanajua kilichofuata. Waokoaji walitoboa chuma ili wawatoe, ikatoka hewa iliyonasa humo ndani, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiibeba meli. Ikazama moja kwa moja. Sehemu ya pili imepigwa nchi kavu: miili imelazwa kwa safu, imefunikwa mablanketi na khanga, na ndugu wanapita wakiinua pembe moja moja kutafuta wa kwao.

Kabla ya kukata chochote niliweka rangi nyekundu kwenye vipande vyote vya kaseti ile, na jina la kila faili likaanza na neno MIILI au SAUTI. Kwenye chumba cha uhariri watu huingia na kutoka. Kijana anayetafuta picha ya ziwa hafai kubofya faili asilolijua akakutana na mtoto aliyekufa. Mimi mwenyewe nilifanya kazi hiyo asubuhi tu, picha nikiwa nimeiweka kwenye dirisha dogo na spika nimezima. Sauti niliisikiliza peke yake, mara moja, nikaandika iko wapi na inasikika nini, basi.

Sauti ndiyo iliyoleta ubishi. Mwongozaji wetu alitaka kule kugonga kusikike, bila muziki wala msimulizi. Alisema bila hivyo watazamaji hawataelewa. Nikamuuliza: waelewe nini hasa? Kama ni sababu ya meli kuzama baada ya kutobolewa, mchoro rahisi wa hewa iliyonaswa chini ya chuma unaeleza vizuri kuliko kelele zozote. Kama ni uchungu, tayari tulikuwa na muokoaji aliyetueleza jinsi alivyoweka sikio lake kwenye chuma, na alipofika hapo akanyamaza kwa muda mrefu mbele ya kamera. Na ukumbini wangekaa watu ambao ndugu zao walikuwa mle ndani. Kila mmoja angesikia kugonga kwa ngumi ya mtu wake. Tulivutana hadi jioni. Mwishowe tukaacha picha ya watu juu ya meli kwa sekunde chache, tukaondoa sauti yake yote, tukamwachia muokoaji aseme. Bado naamini hicho ndicho kipande bora cha makala yote, ingawa mwongozaji hajawahi kukiri.

Kwenye miili tulianza na ukungu usoni, kama kila mtu anavyofanya. Ukungu una taabu zake. Kaseti yetu ilikuwa na fremu 25 kwa sekunde, mzee alikuwa akitembea na kamera begani, na picha ilicheza. Kompyuta hufuata kichwa vizuri hadi mtu apite mbele ya kamera, halafu ukungu unabaki nyuma kwa fremu mbili tatu na uso unaonekana wazi. Ukitazama kwa mwendo wa kawaida hulioni hilo, ila mwenye simu anaweza kusimamisha hapo hapo na kusambaza. Kwa hiyo unapita fremu kwa fremu, na kwa kupita hivyo ndipo nilipoiona shati.

Ilikuwa ya mistari mipana, kola imechanika upande mmoja. Mama mmoja tuliyekuwa tumemhoji alituambia kaka yake walimtambua kwa shati, akaieleza vilevile hadi kola. Uso nilikuwa nimeshaufunika, lakini kwa dada yake ukungu ule haukuficha kitu.

Hatukumpelekea video ghafla. Nilimpigia simu mpwa wake kwanza, kisha nikaenda mwenyewe nyumbani kwake, bila kamera na bila fomu ya kusaini.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Naambiwa mmempata kaka yangu.”

Nikamweleza kwa maneno kila kilichomo: analala wapi, kafunikwa vipi, nani anainua blanketi, inachukua muda gani. Nikamwambia anaweza kukataa kuitazama na bado akatuamuru tuitoe. Aliitazama, sauti imezimwa, mpwa wake pembeni. Nilitegemea atasema tuongeze ukungu.

“Mbona mmemfuta uso kama wezi wa kwenye taarifa ya habari?” aliuliza. “Kama hamuwezi kumwonyesha, mtoeni. Lakini msimfute.”

Kisha akaenda chumbani akarudi na picha ya studio, kaka amekaa kwenye kiti, saa mkononi, nyuma pazia lenye maua. Tuweke hiyo, alisema, na jina lake kamili.

Tuliporudi tuliondoa ukungu wote, si wake tu. Shoti ya blanketi tukaikata pale mkono unaposhika pembe, kabla haijainuliwa. Ndugu waliokuwa wakitafuta tuliwaacha pale tu walipoonekana kwa nyuma, maana nao hakuna aliyewaomba ruhusa wakiwa katika hali ile. Kutoka hapo picha inaenda kwenye zile za studio ambazo familia zilitupa.

Onyo tuliliandika mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Lile la kawaida, “baadhi ya picha zinaweza kukusumbua”, halimsaidii mtu kuamua. Wala onyo halimpunguzii mtu uchungu akiamua kubaki, linampa tu nafasi ya kuondoka. Kwa hiyo letu lilisema: sehemu inayofuata inaonyesha meli iliyopinduka na miili iliyofunikwa, inachukua dakika mbili, unaweza kutoka na utaitwa ikiisha. Lilisomwa kwa sauti, kwa wazee wasioona maandishi, kwenye kioo cheusi, kimya kabisa, kwa muda unaotosha mtu kuchukua mkoba na kupita katikati ya viti. Lilikuja kabla tu ya sehemu yenyewe, maana aliyechelewa kuingia asingelikuta la mwanzoni.

Siku ya kuonyesha walitoka watu kadhaa. Mlangoni alisimama kijana mwenye saa, na dakika mbili zilipoisha akawaita. Wengi walirudi.

Baada ya hapo kituo kimoja cha televisheni kilitaka kuirusha. Wakaomba kionjo cha nusu dakika, na wakataja wanachotaka: mkono kwenye blanketi. Tukawaeleza kwamba kionjo kinaruka katikati ya mpira au katuni, mtu hajachagua kukitazama, na onyo haliingii humo. Walijibu kuwa blanketi halijainuliwa, kwa hiyo tatizo liko wapi. Tukaongeza sharti kwenye mkataba: hakuna picha ya kaseti ile nje ya makala yenyewe, onyo halikatwi, na familia zinajulishwa siku na saa ya kurushwa mapema. Walinung'unika, wakasaini, na kwenye kionjo wakatumia ramani.