Nilivyompangia mwandishi saa kwa kufuata maji

Kikundi chetu cha wakulima wa mwani kilipotafutwa na mtangazaji wa redio aliyeko Ujerumani, kila mtu kijijini aligeuka mshauri. Ushauri ulikuwa mmoja tu: "Mwambie mko tayari muda wowote, hawa watu wana kazi nyingi, usije ukamuudhi." Mie ndiye katibu, na kwa ushauri huo huo tulishaumbuka mwaka wa nyuma.

Hebu niwasimulie. Alipiga mwandishi wa kituo fulani, Bi Mwenyekiti akasema "wakati wowote, mwanangu." Basi wakati wowote ukaja mchana wa bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka sana, Bi Mwenyekiti kiunoni maji, mkono mmoja kamba ya mwani, mkono mwingine simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Upepo unavuma, wenziwe wanamcheka, yeye anapiga kelele kujibu. Alihojiwa karibu nusu saa. Hakuuliza ni ya nini, itatoka lini, wala kama ni mubashara au inarekodiwa. Jioni tukakusanyika kusikiliza, tukasikia sauti yake kidogo tu, tena pale alipotania kwamba wanaume wa huku kazi yao barazani. Kuhusu mwani, hata neno. Mumewe hakula chakula cha usiku ule nyumbani.

Kwa hiyo safari hii nikasema saa naipanga mie, na mambo mengine yote yanakubaliwa kabla simu haijalia.

Tatizo ni kwamba huku pwani ya mashariki ya Unguja saa zetu haziendi kwa ukuta, zinakwenda kwa maji. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji yanakauka asubuhi kuelekea adhuhuri. Wanawake wote wako shambani, na shamba liko mbali na nyumba, huko mtandao unakuja na kupotea. Alasiri maji yamejaa, watu wameshaoga, wamekaa. Siku za maji mafu ni kinyume: bahari haitoki vya kutosha, kazi ni ya nchi kavu, asubuhi nzima iko wazi. Mtangazaji alikuwa ametaja saa nne asubuhi ya Jumatatu ya bamvua. Kwake saa nzuri. Kwetu ungempata paka.

Sikumjibu "haiwezekani." Ukimwambia mwandishi haiwezekani bila kumpa nyingine, anatafuta kikundi kingine, na vikundi vya mwani viko Paje, Jambiani, Bwejuu, kote. Nilimtumia ujumbe huu, ninao mpaka leo:

"Assalaam aleikum dada. Saa nne asubuhi tutakuwa baharini. Nakupa nafasi mbili. Ya kwanza Jumatatu tarehe 4 Novemba 2024, saa kumi alasiri yetu (16:00), kwenu 14:00. Ya pili Jumatatu tarehe 11, saa tano asubuhi yetu (11:00), kwenu 9:00. Mazungumzo kwa simu, yarekodiwe, yasiwe mubashara, dakika 20. Ataongea Bi Mwenyekiti, mie nitakuwa pembeni. Mada tatu: kwa nini mwani aina ya kotoni umekufa maji ya pwani yalipozidi joto, namna tunavyojaribu kulima kwenye kina kirefu, na sabuni tunayotengeneza kwa mwani wa spinosamu. Nijulishe kabla ya Alhamisi ili nimzuie asiende harusini."

Harusi ilikuwa kweli, lakini hata isingekuwepo ningeitafuta. Nafasi isiyo na mwisho wa kujibiwa huning'inia.

Sasa tazama hiyo saa. Nimeandika saa kumi na nikaandika 16:00, kwa sababu dada ni Mswahili lakini ratiba ya studio anaiandika mwenzake asiyejua saa zetu, na huyo akiona kumi ataandika 10:00, Bi Mwenyekiti yuko majini tena. Na hiyo saa ya kwenu! Alinijibu haraka: "Sawa, yaani saa tisa kwangu." Nikacheka peke yangu. Tulikuwa bado Oktoba, na kweli siku ile tofauti yetu ilikuwa saa moja. Lakini Wajerumani hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na tofauti inakuwa saa mbili. Nikamwandikia: "Dada, Jumapili mnarudisha saa. Itakuwa saa nane." Mtu anayeishi huko akakumbushwa na mtu wa Unguja! Akaniletea vikaragosi vya kucheka na tangu hapo akawa ananisikiliza.

Dakika 20 nilizipata kwa kumuuliza kipindi chenyewe kina urefu gani. Akasema habari itakuwa dakika nne hivi. Ukimpa nusu saa kwa ajili ya dakika nne, yeye ndiye anachagua, na anaweza kuchagua utani wa barazani. Ukimpa dakika tano, hana cha kukata. Kuhusu mubashara nilikataa kwa sababu Bi Mwenyekiti akichangamka anaingia Kimakunduchi, na msikilizaji wa Kisumu hataambulia kitu. Ikirekodiwa, anarudia.

Kuna mjuaji mwingine alinishauri niombe maswali yote kwa maandishi. Niliuliza kwa adabu, dada akakataa kwa adabu: maswali hatoi, mada anakubali. Na ana haki, maana jibu la kukariri linasikika redioni. Nikaomba basi jambo moja, kwamba mvutano wetu na mnunuzi kuhusu bei ya kilo usiguswe, mazungumzo yalikuwa hayajaisha. Akajibu: "Siwezi kuahidi kutouliza, ila mkisema hamjibu nitaheshimu." Hilo lilinitosha. Nilimfundisha Bi Mwenyekiti sentensi moja, "hilo bado tunazungumza na mwenzetu," na nikamkanya asiseme kitu halafu ndipo aombe kisitangazwe. Ombi hilo linatangulia maneno, likikubaliwa na pande zote mbili. Maneno yakishatoka ni ya mwandishi.

Sauti ndiyo ninayojivunia zaidi. Simu ya masafa marefu inakwaruza, basi tulitumia simu mbili: moja ya kuongea naye kwa WhatsApp, ya pili imewekwa karibu na mdomo wa Bi Mwenyekiti ikimrekodi yeye tu. Baadaye nikalituma faili kama hati, si kama ujumbe wa sauti, lisije likapunguzwa ubora. Bando lilikula elfu mbili tatu hivi. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeshashuka shambani, nikarekodi maji na vicheko na kamba zikivutwa, bila mtu kuzungumza nami. Dada akasema sauti ya Bi Mwenyekiti ilisikika kama yuko studio, na bahari akaiweka mwanzo wa habari.

Siku yenyewe sina mengi ya kusema. Alipiga saa kumi na dakika chache, akauliza yale matatu, akachomekea la bei, akapewa sentensi yake, akapita. Habari ilipotoka, sabuni ilitajwa kwa jina la kikundi, na mume wa Bi Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho.

Sasa wametutafuta watu wa televisheni. Wanataka kuja Jumamosi ya bamvua, saa tisa alasiri, "tuwapige picha mkiwa shambani." Nimewajibu kwamba saa hiyo shamba liko chini ya maji, waje saa nne asubuhi na viatu vya kuchovya, au waje na ngalawa na mzamiaji.