Nilivyoielezea modeli yangu ya muhogo kwenye usaili

Nafasi ilikuwa ya kazi ya data kwenye mradi wa kilimo hapa Kigoma. Waliokaa mbele yangu walikuwa mhandisi wa programu na afisa kilimo, mtu mzima aliyezoea mashamba ya Kasulu na Kibondo. Modeli yangu ilikuwa ya kutazama picha ya jani la muhogo na kusema kama lina ugonjwa wa michirizi kahawia.

Mhandisi alianza na ovafitingi: nilijuaje kwamba modeli haikukariri? Nilimjibu kwa kesi yenyewe. Kila shamba lilipigwa picha nyingi kwa siku moja, kwa simu moja. Ukichanganya picha zote na kuzigawa kwa bahati nasibu, picha za shamba lilelile zinaangukia pande zote mbili, za kujifunzia na za kupimia. Modeli inashika rangi ya udongo na mwanga wa siku ile, kisha inafaulu mtihani ambao ilishaona majibu yake. Kwa hiyo niligawa kwa shamba, kwa kutumia `GroupKFold` ya scikit-learn. Usahihi ulishuka kutoka asilimia 97 hadi 91, na hiyo 91 ndiyo niliyoandika kwenye ripoti.

Afisa kilimo akaingilia. "Kijana, 91 kwa mia si ndogo. Kwa mkulima ina maana gani?"

"Ukiiacha peke yake, Mzee, inadanganya," nikamwambia, nikaomba karatasi. Tuchukue picha 200, zenye ugonjwa 20. Anayesema "zote nzima" bila hata kutazama anapata 90 kwa mia. Modeli yangu ilitoa tahadhari 30, na 16 kati ya hizo zilikuwa kweli. Wagonjwa 16 kati ya 20 ndiyo rikoli, asilimia 80. Tahadhari 16 za kweli kati ya 30 ndiyo prisisheni, kama asilimia 53. Sikuyataja majina hayo kwake; nilimwambia tu kwamba wanne wametuponyoka na wazima 14 tumewasingizia.

Akauliza kipi kibaya zaidi. Hapo ndipo niliona usaili umefika mahali pake, maana jibu linatoka shambani. Mche mgonjwa ukiponyoka, pingili zake zinakatwa kuwa mbegu na ugonjwa unahamia kwa jirani. Mzima aliyesingiziwa anagharimu safari ya bwana shamba kwenda kuhakikisha. Kwa kuchagua mbegu, basi, nashusha kizingiti cha tahadhari, yaani alama ya ugonjwa ambayo picha ikiifikia modeli inatoa tahadhari, kutoka 0.5 hadi 0.3: wanaoponyoka wanapungua, safari za bure zinaongezeka.

Mzee akaleta swali gumu kuliko yote: kuna muhogo wenye majani mazuri lakini ukiung'oa mizizi imeoza. Nikakubali kwamba huo modeli haiuoni, kwa sababu picha ni ya jani tu. Tahadhari ikiwepo, shamba halitoi mbegu. Isipokuwepo, bado mizizi michache ing'olewe na ikatwe.

Mhandisi aliandika hilo la mizizi, wakanipa kazi.