Nilivyotenganisha kimya na maneno yasiyosikika

Nakala ya mahojiano niliyopewa kuhakiki ilijaa nukta tatu kila mahali. Msomaji hakuweza kujua kama msemaji alinyamaza, alikatizwa, au sauti ilipotea. Nikarudi kwenye rekodi na kugawa alama: nukta tatu zibaki kwa msemaji anayesita, [haisikiki 00:14:32] kwa pengo, na [shamba? 00:15:07] kwa neno ninalodhani nimelisikia.

Dakika ya 14 ndiyo iliyonisumbua. Pikipiki inapita, kinachobaki ni "...kubali kulipa". Ni "nilikubali" au "sikukubali"? Viambishi vya mwanzo vinageuza ushahidi wote. Nilivaa vipokea sauti, nikaanza sekunde kumi nyuma, nikapunguza kasi. Bado. Nikampa mwenzangu asikilize bila kumwonyesha dhana yangu, maana ukishasoma neno, sikio hulisikia hata kama halipo. Yeye akasikia "sikukubali", mimi "nilikubali". Basi, hatukuchagua. Tuliandika:

```
[haisikiki 00:14:32]kubali kulipa
```

Muktadha ulielekea upande wangu, lakini muktadha si sauti. Anayetaka kuhakikisha ana alama ya muda ya kumpeleka kwenye rekodi, na msemaji mwenyewe bado anaweza kuulizwa.