S1 ikikutana na bei ya chini ya kikao cha Asia

Kwenye skalpu ya bitikoini, mstari mmoja wa pivoti peke yake haunitoshi. Nataka ukae karibu na kilele au bei ya chini ya kikao kilichopita, maana hapo ndipo oda za kukata hasara hurundikana.

Juzi, kwa mfano. Siku iliyotangulia, ikihesabiwa hadi saa sita usiku UTC, bei ya juu ilikuwa 61,200, ya chini 59,400, ya kufunga 60,600. Hivyo pivoti, P, na mstari wa kwanza wa msaada chini yake, S1, ni:

```
P  = (61200 + 59400 + 60600) / 3 = 60400
S1 = 2 × 60400 − 61200 = 59600
```

Bei ya chini ya kikao cha Asia ilikuwa 59,650. London ilipofungua, bei ikashuka ghafla hadi 59,570, ikafagia oda za watu, kisha mshumaa wa dakika tano ukafunga 59,700. Sikununua kabla ya kufunga huko. Kikomo cha hasara nikaweka 59,540, lengo 60,000, kabla ya P.

Mshumaa ungefunga chini ya 59,600, ningekaa pembeni kabisa. Na chati isiyokata siku kwa UTC hutoa mistari tofauti, kwa hiyo kagua mpangilio huo kwanza.