Nilivyokusanya maoni ya wasomaji watatu kwenye PDF moja

Kijitabu chetu cha historia ya Mji wa Kale wa Mombasa kilikuwa na kurasa 64, na kabla hakijaenda kwa mchapaji nilitaka kisomwe na watu watatu ninaowaamini: mwalimu mstaafu wa historia anayekaa Kibokoni, binamu yangu wa Likoni, na mzee mmoja wa Kuze anayeijua mitaa hii nyumba kwa nyumba. Kila mmoja nilimpelekea PDF ile ile nikamwomba apake rangi maneno yenye shida na aandike maoni yake papo hapo. Zikarudi faili tatu. Kusahihisha huku nikiruka kutoka faili hadi faili ni njia ya hakika ya kuacha kitu nyuma, kwa hiyo niliamua yote yakae kwenye nakala moja, yakiwa bado na jina la aliyeyaandika.

Jambo linalowezesha kazi hii ni kwamba alama za kwenye PDF hazichanganyiki na maandishi ya ukurasa. Rangi ya njano unayoiona juu ya sentensi ni kitu cha peke yake ndani ya faili, chenye namba ya ukurasa, vipimo vya mahali kilipo, jina la mwenyewe na maneno aliyoandika. Kwa sababu hiyo unaweza kuzitoa alama zote bila kurasa, ukaziweka juu ya nakala nyingine. Katika Acrobat, fungua orodha ya maoni pembeni, bonyeza vitone vya menyu yake, uchague `Export All to Data File`, kisha uhifadhi kama XFDF. Ukifika kwenye nakala kuu unachagua `Import Data File`. Ya mwalimu iliingia hivyo bila taabu yoyote; alitumia laptopu yake na jina lake lilionekana kwenye kila oni.

Ya mzee ilinitia wasiwasi mara nilipoifungua. Rangi zilikuwepo, lakini orodha ya maoni ilikuwa tupu, na nilipobonyeza juu ya njano hakuna kilichoshikika. Hiyo ndiyo dalili. Mzee alikuwa amesaidiwa na kijana wa saiba, naye kijana akaitoa faili kwa njia ya kuchapisha, akichagua printa ya `Microsoft Print to PDF` badala ya kuhifadhi kawaida. Faili ikichapishwa namna hiyo, alama hugeuka sehemu ya ukurasa wenyewe, kama wino kwenye karatasi, na maneno yaliyokuwa ndani ya visanduku vya maoni hayaji nayo. Hakuna programu ya kuyarudisha kutoka kwenye nakala hiyo. Nilimpigia mzee, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamwomba asijipe tabu ya kuanza upya mpaka tuulize saiba kwanza. Faili asili ilikuwa bado kwenye kompyuta yao. Walinitumia ile, na maoni yote yalikuwa ndani.

Ya binamu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Alisomea kwenye simu, na kwenye mazungumzo yetu ya WhatsApp zilikuwepo nakala mbili, ya awali na ile mpya ambayo mbunifu alikuwa ameongeza ramani ya mitaa baada ya ukurasa wa 4. Yeye alifungua ya awali. Nilipoingiza maoni yake kwenye nakala kuu, kurasa nne za mwanzo zilikaa sawa, halafu kuanzia pale rangi zikaanza kuangukia nafasi tupu, pambizoni, na katikati ya mistari miwili. Acrobat haisomi maneno ili ijue alama ni ya wapi. Inafuata namba ya ukurasa na vipimo tu. Siku hizi kila nikiingiza maoni ya mtu, kabla ya kusoma hata moja, natazama alama ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho kama zimekaa juu ya maneno kamili.

Niliyafuta yale yaliyoingia vibaya, nikafungua XFDF yake kwa Notepad. Ni maandishi ya kawaida, na oni moja linaonekana hivi, nikilifupisha:

```xml
<highlight page="11" title="user" color="#FFFF00">
<contents>Hapa ni 1698, si 1696.</contents>
</highlight>
```

Angalia hiyo namba ya ukurasa. XFDF inahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo 11 ni ukurasa wa 12 kwa macho yetu. Ramani ilikuwa imesukuma kila kitu mbele kwa ukurasa mmoja, basi kila `page` kuanzia 4 ilihitaji kuongezwa moja. Nilitumia kutafuta na kubadilisha, na hapa utaratibu ni muhimu sana: anza na namba kubwa kabisa ushuke. Ukianza chini, `page="11"` itakuwa `page="12"`, halafu ukifika zamu ya 12 utayasukuma tena yale uliyokwisha kuyasogeza, na mwisho yote yanarundikana mwishoni mwa kitabu. Njia hii inafaa tu pale ukurasa mzima umeongezwa au kutolewa. Kama mbunifu angekuwa amebadilisha ukubwa wa herufi au kupanga aya upya, hakuna hesabu ambayo ingeokoa. Ingebidi kuhamisha alama moja moja kwa mkono.

Nikiwa humo humo nilirekebisha jina. Simu ya binamu ilikuwa imeandika `user` kila mahali, nami nikabadilisha `title` ikawa jina lake, na `color` nikampa kijani, `#90EE90`, ili njano ibaki ya mwalimu. Mzee nikampa bluu hafifu kwa njia hiyo hiyo. Ukihifadhi, hakikisha faili imebaki na mwisho wa `.xfdf`, maana Notepad hupenda kuongeza `.txt`.

Faida ya yote haya niliiona kwenye ukurasa wa 13. Kijitabu kilisema Waomani waliiteka Ngome ya Yesu mwaka 1696. Binamu, kama mlivyoona, alitaka 1698. Juu ya mstari ule ule mwalimu alikuwa amepaka neno "waliiteka" na kuandika: "1696 ni mwaka walioanza kuizingira. Badilisheni kitenzi." Kwenye faili tofauti ningeona watu wawili wanaopingana juu ya mwaka. Nikiyaona pamoja, nilijua wote wawili wako sawa, na sentensi ikaandikwa upya: Ngome ilizingirwa kuanzia 1696 na kuangukia mikononi mwa Waomani mwishoni mwa 1698. Mzee aliongeza chini yake kwamba tutaje njaa na maradhi yaliyowamaliza waliokuwa ndani, nasi tukafanya hivyo.

Baada ya hapo nilipitia orodha nzima kwa mpangilio wa kurasa, kila oni nikiliwekea hali yake, limekubaliwa au limekataliwa, na pale nilipokataa nikajibu ndani ya oni lenyewe kwa nini. Mbunifu alipokea faili hiyo moja, na kwa vile alama zilikuwa hai aliweza kubonyeza oni kwenye orodha akapelekwa moja kwa moja kwenye mstari wake. Mwalimu aliomba karatasi. Kwake nilichapisha kwa kitufe cha `Summarize Comments` kilicho kwenye dirisha la kuchapisha la Acrobat, kinachotoa maneno ya maoni pamoja na kurasa zake, nikamfikishia Kibokoni aone lipi limepokelewa na lipi la kujadili.