Mashine haijui kejeli, ikabidi niiweke kwenye maneno yenyewe

Mi naandikaga hadithi fupi za kusikiliza, zinasomwa na sauti ya kompyuta maana hela ya kumlipa msomaji sina. Sasa kuna moja kaka kachelewa masaa matatu, dada yake anamwambia "Asante kwa kuwahi!" Kichwani kwangu hiyo sentensi ilikuwa inachoma kabisa, ila mashine ikaisoma kama mtu wa mapokezi anayekaribisha wageni. Nikampa rafiki asikilize bila kumwambia chochote, akasema huyo dada mpole kweli. Nikachoka.

Nikaanza kuhangaika na alama. Ile ya mshangao ndo ilikuwa inazidi kumchangamsha, nikaitoa. Alama za nukuu hazisikiki, ni za macho tu, na kikatuni cha kucheka mashine ikakitaja jina katikati ya ugomvi, yaani aibu.

Ndo nikakubali kwamba maneno yenyewe yabebe kejeli hata yakisomwa bapa. Ukweli nikauweka kabla ya sifa, ili msikilizaji akifika kwenye "asante" ashajua haiwezekani. Halafu nikachomeka "eti", maana hiyo haihitaji sauti, ukirudia neno la mtu ukaanza na eti kila mtu anajua hujamwamini. Na cheo ambacho mtu hana. Ikawa hivi:

"Nilikuwa njiani."
"Eti njiani. Si tulikubaliana saa mbili? Saa tano hii. Asante sana kwa kuwahi, mheshimiwa."
"Basi dada, vijembe vya nini."

Hilo jibu la kaka ndo bima yangu. Hata kama msikilizaji alikuwa anawaza mengine, aliyechomwa kashasema kachomwa.

Baada ya hapo ndo nikagusa usomaji, kidogo tu, kwa SSML, yaani tagi za kuielekeza mashine isomeje:

```xml
Asante sana kwa kuwahi,<break time="500ms"/> mheshimiwa.
```

Nilianza na sekunde nzima, ikasikika kama sauti imekwama, nikashusha 200ms haikutofautiana na koma ya kawaida, nusu sekunde ikakaa vizuri. Nikajaribu pia kupunguza kasi kwa `<prosody rate="80%">`, dada akawa na huzuni badala ya kejeli, nikaiacha. Na `<emphasis>` ya kukazia neno usiitegemee, kuna sauti zinaipita kama haipo, kwa hiyo mi huwa nasikiliza kwanza toleo lisilo na tagi hata moja, kama kejeli haipo hapo narudi kwenye maneno.

Eti nayo ina kikomo lakini, niliiweka mara nne kwenye ukurasa mmoja dada akawa mbea tu, siku hizi moja kwa mazungumzo.

Nikampelekea rafiki mwingine ambaye hajasikia ile ya kwanza, nikamuuliza dada anajisikiaje. Akanijibu, "Huyo kaka bora angelala hukohuko."