Pumzi yangu ndani ya mfuko

Jumatatu niliamka na homa, koo likiwasha na viungo vikiuma, lakini korosho zilikuwa zimekwisha kubanguliwa, nikaenda kwenye meza yangu sokoni hapa Mtwara.

Leo Alhamisi, bibi wa Mikindani, mteja wangu wa miaka mingi, hakuja. Alikuja mjukuu wake.

"Shikamoo mama. Bibi ana homa na kikohozi tangu jana, hawezi kuinuka."

Nilihesabu siku. Bibi alinunua kwangu Jumatatu, na mafua makali hujitokeza kati ya siku 1 na 4 baada ya kuambukizwa, mara nyingi siku ya 2.

Nilichukua mfuko wa karatasi nimpimie mtoto, nikaupeleka mdomoni niupulize ufunguke, kama nifanyavyo kwa kila mteja.

Mkono ukasimama hewani.

Ndivyo nilivyoufungua wa bibi, huku nikikohoa.

Nimefunga meza mpaka nikae siku nzima bila homa na bila dawa ya kuishusha, na nimewasihi watoto wake wampeleke zahanati leo hii, kwa sababu umri wake haungoji.

Wenzangu wa sokoni, ninyi mifuko mnaifungua vipi?